Fomula ya Dubu Kichwani mwa Dada Yangu

Wasee, juzi nilimwonyesha dada yangu mdogo mhusika wa gemu ninayotengeneza. Nilikuwa nimemchora yeye mwenyewe, afro yake, akitembea sokoni hapa Mitunguu saa saba mchana. Akaangalia simu, akacheka. "Ni mimi, lakini mbona nimevaa wigi?"

Alikuwa sawa. Kichwani kulikuwa na pete nyeupe ya mwanga, kama ile ya nailoni mpya. Jua letu ni kali, lakini afro haitoi pete. Nikaanza kutafuta hiyo pete ilitoka wapi, na historia yake inaanza na dubu.

Mwaka 1989, James Kajiya na Timothy Kay walichapisha njia ya kuchora manyoya kwa kompyuta. Picha yao maarufu ilikuwa ya dubu wa kuchezea. Wazo lao ni rahisi: unywele ni silinda nyembamba sana, kwa hivyo mng'ao wake hautegemei uso umeangalia wapi, unategemea unywele unaelekea wapi. Mwelekeo huo unaitwa tanjenti.

Mwaka 2003, Stephen Marschner na wenzake walipima nywele halisi za binadamu. Waligundua kuna mng'ao mweupe unaoruka juu ya unywele, na mwingine wenye rangi, unaoingia ndani kisha kutoka. Mwaka 2004, Thorsten Scheuermann wa ATI akachanganya mawazo hayo mawili yaweze kukimbia haraka kwenye gemu, juu ya kadi. Kadi ni kipande bapa kilichobandikwa picha ya nywele nyingi, sehemu zingine zikiwa wazi. Kiini cha hesabu ni hiki:

```
float d = dot(T, H);
float s = sqrt(1.0 - d*d);
float mng_ao = pow(s, 80.0);
```

`T` ni tanjenti. `H` ni mwelekeo ulio katikati ya jua na jicho. Zikikutana kwa digrii 90, mng'ao ni 1. Kwa digrii 80 unashuka hadi 0.29. Kwa digrii 60 hakuna kitu.

Sasa fikiria nywele zilizonyooka. Zote zinashuka upande mmoja, kwa hivyo zinafika digrii 90 mahali pamoja, zimejipanga. Hiyo ndiyo pete. Lakini unywele wa dada yangu ni springi. Tanjenti inazunguka, inapita digrii 90 kwa kawaida mara mbili kila mzunguko, na springi ya jirani inapita mahali tofauti. Badala ya pete unapata vidoti vidogo vya mwanga vilivyotawanyika.

Kwa hivyo fomula haikukosea. Nilikosea mimi: nilitumia kadi ambazo tanjenti yake inaenda moja kwa moja kutoka mzizi hadi ncha, ilhali picha iliyo juu yake ni ya springi. Macho yanaona afro, hesabu inaona nywele zilizonyooka. Ukitaka kujua kama wako ana shida hii, zungusha taa. Mwanga ukiteleza kichwani kama mstari mmoja, umemvisha wigi.

Wengine wataniambia, buda, achana na kadi, tumia nyuzi, yaani kila unywele mstari wake. Tomb Raider ya 2013 ilifanya hivyo kwa nywele za Lara Croft, kwa teknolojia ya AMD inayoitwa TressFX. Nyuzi zinabeba tanjenti halisi, lakini ni maelfu kwa maelfu, na simu za wachezaji wangu zitachemka. Isitoshe, uzi pekee haukupi afro. Lazima mtu ajue springi zinavyokaa. Ni 2024 tu ndipo A.M. Darke, Theodore Kim na wenzao walitoa utafiti wa umbo la nywele zilizojikunja sana, unaoeleza kwa mfano jinsi springi za karibu zinavyoshikana na kuanza kuzunguka pamoja. Miaka 35 baada ya dubu!

Nilibaki na kadi. Nilitengeneza springi halisi kwenye kompyuta, nikazichapa kwenye picha mbili: moja ya umbo, nyingine ya tanjenti, ili kila pikseli ijue springi inaelekea wapi hapo. Kisha nikashusha 80 hadi 20, maana springi ni nyembamba kuliko pikseli moja ya simu, na vidoti vikali vilikuwa vinawaka na kuzima akitembea. Ukiwa mbali sana bado afro inaonekana kavu kidogo, hiyo sijaimaliza.

Dada yangu aliangalia tena. Hakucheka. Aliuliza tu kama naweza kumsuka matuta.

Matuta ni kazi nyingine: tanjenti haifuati tuta, inafuata msokoto ndani yake.