Changu Chombo, Yangu Chombo

Wanachuo wangu walikuwa wepesi kudhani kwamba neno "mato" katika mashairi ya kale ya Mombasa ni "macho" yaliyopotoshwa. Hayakupotoshwa. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita cha kwao. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, tena katika mkutano uliofanyika Mombasa hiyohiyo! Kwanza basi tuijue lahaja ya mshairi, ndipo tumpime.

Kuboronga sarufi ni jambo jingine. Tazama kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya darasa: "Kipo wapi changu chombo." Mizani ni 8, na kina ni -mbo. Rudisha mpangilio wa kawaida, "chombo changu": mizani haibadiliki, lakini kina kimegeuka -ngu. Mtunzi alikuwa na sababu.

Sasa soma: "Kipo wapi yangu chombo." Mizani na kina vimesimama, ila upatanisho umevunjika, ilhali "changu" lingekaa palepale bila kuzidisha wala kupunguza chochote. Mtunzi amevunja bila kupata kitu. Hilo nalikata kwa wino mwekundu, hata likiimbwa na msanii maarufu, isipokuwa msemaji ndani ya wimbo ni mhusika ambaye Kiswahili chake ndicho hicho.