Upigaji wa Filamu ya Mazungumzo Ndani ya Gari Linalotembea

Shoti ya mazungumzo garini ni ile inayoonyesha watu wakiongea ndani ya gari huku barabara ikipita nyuma yao. Kwa jinsi gari linavyosukumwa, iko ya aina tatu. Ya kwanza ni ya gari lililosimama studio, ambalo mandhari yake huletwa kwa skrini; hiyo si ya makala haya. Ya pili ni ya gari linalobebwa juu ya trela la chini, kama ilivyofanyika katika filamu *Locke* ya mwaka 2013: mwigizaji hushika usukani bila kuendesha, akili yake yote ikabaki kwenye maneno. Ya tatu ni ya gari linaloendeshwa na mwigizaji mwenyewe. Ndiyo rahisi kwa gharama na ngumu kwa kila jambo jingine, kwa sababu anayeongea ndiye huyohuyo anayetazama barabara.

Kamera hufungwa mahali pamoja kati ya patatu. Ikiwekwa juu ya boneti, huona watu wawili kwa pamoja kupitia kioo cha mbele. Ikitundikwa nje ya mlango, humwona mmoja kwa ubavu, na mwenzake akionekana nyuma yake. Ikikaa juu ya dashibodi, haina kioo kati yake na uso. Abbas Kiarostami alitengeneza *Ten* (2002) kwa kamera ndogo za dijitali zilizowekwa hapo. Kifungio cha nje hushikwa kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya bati, ambalo ni lazima liwe limefutwa vumbi na mafuta, kisha huongezewa mikanda ya kukaza na waya wa usalama. Kikombe huachia polepole hewa inapopenya au bati linapopata moto, kwa hiyo hukaguliwa kila gari linaposimama. Picha ikitetemeka ilhali barabara ni laini, mara nyingi kosa ni mkono mrefu usio na nguzo ya tatu.

Mwako wa kioo ni taswira ya mbingu, miti na majengo inayofunika nyuso. Hupunguzwa kwa polaraiza, yaani kichujio kinachozungushwa mbele ya lenzi. Hicho hufanya kazi vizuri zaidi pale mstari wa kamera unapokutana na kioo kwa pembe ya nyuzi 34 hivi kutoka usawa wa kioo. Kioo cha mbele cha magari mengi ya siku hizi kimelala karibu na pembe hiyo, ndiyo maana kamera ya boneti hunufaika sana. Kamera ya mlangoni hutazama kioo karibu uso kwa uso, nayo polaraiza haiisaidii kitu. Tena huweza kufichua madoa ya rangi katika kioo cha pembeni kilichokazwa kwa joto. Hapo dawa ni kitambaa cheusi kilichotandazwa upande wa kamera, au kushusha kioo na kuvumilia upepo katika sauti. Polaraiza hula mwanga wa stopu moja na nusu hadi mbili. Kuufuta mwako wote si ustadi: kioo huonekana kama hakipo, na majani yanayopita juu yake ndiyo yanayothibitisha mwendo.

Ulinganifu wa mwanga hutegemea kwanza uelekeo wa gari. Chukua mfano wa Barabara ya Bagamoyo, kutoka Tegeta kuelekea kaskazini, saa tatu asubuhi. Jua liko mashariki, upande wa kulia, ndiko aliko dereva. Uso wake unawaka na abiria yuko kivulini. Gari likigeuka kurudi, abiria ndiye anayewaka, na shoti mbili za mazungumzo yaleyale haziunganiki tena. Kwa hiyo teki zote hupigwa kwa uelekeo mmoja, na safari ya kurudi huwa ya kujipanga tu. Mazungumzo ya dakika tatu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa humaliza kilomita mbili, na kipande hicho kinapaswa kuwa na miti michache: kivuli cha mwembe mmoja kinachopita katikati ya sentensi humnyima mhariri mahali pa kukata.

Tofauti ya mwanga kati ya ndani na nje husawazishwa kwa njia mbili. Taa ndogo ya betri iliyofunikwa karatasi nyeupe huwekwa kwenye dashibodi, chini ya fremu, au karatasi ya kijivu hubandikwa kwenye kioo cha nyuma ili barabara isiungue ikawa nyeupe tupu. Mipangilio ya mwanga na rangi katika kamera hufungwa kwa mkono. Ikiachwa ijirekebishe yenyewe, lori jeupe likipita kando nyuso zote mbili huingia giza, kisha hurudi kung'aa mara lori linapotoka.