Onyesha Mstari: Historia ya Swali Moja la Fasihi

Mwanafunzi wa fasihi anapoulizwa kwa nini mhusika ametenda alilotenda, mara nyingi hujibu vizuri, kisha hushindwa kueleza jibu hilo kalitoa wapi. Ukimsukuma kidogo atakwambia, "Ndivyo ilivyo." Historia ninayotaka kuieleza hapa ni ya namna watahini walivyojaribu, kwa zaidi ya miaka mia moja, kumzuia mtahiniwa asikimbilie maneno hayo.

Tuanze Marekani. Mnamo 1914 na 1915, Frederick Kelly, mwalimu wa walimu katika jimbo la Kansas, alitunga mtihani wa kusoma kimya ambao wanahistoria wa elimu huutaja kuwa chimbuko la maswali ya kuchagua jibu. Kisa chake kilikuwa cha kawaida sana: insha ile ile ilipata alama nyingi kwa mwalimu huyu na chache kwa yule. Kelly alitaka swali ambalo kila msahihishaji atalisahihisha vivyo hivyo. Alilipata, lakini kwa gharama. Alama ya duara juu ya jibu haisemi chochote kuhusu njia iliyomfikisha msomaji pale.

Aliyeichungulia njia hiyo ni Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa New York. Mwaka 1917 alichapisha utafiti juu ya makosa ya watoto katika kusoma aya fupi. Aya mojawapo ilieleza sheria ya mahudhurio ya shule katika mji uitwao Franklin: nani lazima ahudhurie, na kwa udhuru gani anaweza kukosa. Watoto walipoulizwa aya inahusu nini kwa jumla, baadhi walijibu kwa jina la mji. Thorndike hakuwacheka. Aliona kwamba katika akili ya msomaji kila neno lina uzito wake, na kosa hutokea pale neno moja linapojitwalia uzito usio wake na kuyafunika mengine. Mtoto aliyejibu "Franklin" alikuwa amesoma. Tatizo ni kwamba alikuwa amelisikia neno moja kwa sauti kubwa kupita kiasi. Kwangu mimi, ugunduzi huu ndio ufunguo wa swali lote la dondoo, na nitaurudia hapo chini.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1929, I. A. Richards wa Cambridge alionyesha kwamba maradhi hayo hayakuwa ya watoto peke yao. Kwa miaka kadhaa aliwagawia wanafunzi wake, wengi wao wakisomea fasihi ya Kiingereza, mashairi yasiyo na jina la mtunzi wala tarehe. Waliyasoma kwa muda wa wiki moja, wakaandika maoni yao bila kutia saini, naye akayakusanya. Kitabu alichokitoa kilishughulikia mashairi 13 na maoni yaliyoyahusu, na washairi wanaosoma ukurasa huu wangefaa kukisoma wakiwa wamekaa. Wasomi wa chuo kikuu walidharau tungo za watunzi mashuhuri na kuzisifu tungo nyepesi, kwa kuwa jina la kuwaongoza halikuwapo.

Richards hakuishia kwenye aibu hiyo. Aliorodhesha sababu, na mbili kati yake zinatuhusu hasa. Ya kwanza ni jibu la akiba: hisia iliyokwisha kutayarishwa moyoni, inayosubiri neno la kuiamsha. Ya pili ni kumbukumbu za msomaji mwenyewe, ambazo huingia katika shairi kama mgeni asiyealikwa. Miongoni mwa mashairi hayo lilikuwamo moja la D. H. Lawrence, ambamo mtu mzima anasikia mwanamke akiimba na kuvutwa hadi utotoni, chini ya piano, miguuni pa mama yake. Wako waliolihukumu haraka kuwa ni la kujiliza. Hawakuona kwamba mnenaji mwenyewe anaupinga mvuto ule na kuuona ni usaliti wa moyo. Nia ya mnenaji ilikuwa imeandikwa waziwazi. Jibu la akiba lilitangulia kufika.

Hapa Afrika Mashariki swali hili lilikuja kwa mlango mwingine. Wanafunzi wa sekondari wa enzi ya ukoloni walifanya mitihani iliyotungwa Cambridge, na baada ya uhuru kazi hiyo ilihamia kwa mabaraza yetu: lile la Tanzania likaundwa mwaka 1973, la Kenya mwaka 1980. Aliyesoma Kenya hahitaji kukumbushwa swali la dondoo katika karatasi ya fasihi: maneno machache kutoka kitabu teule, kisha agizo la kueleza muktadha, yaani msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno kutamkwa, halafu sifa za msemaji au maudhui yanayojitokeza. Hakuna jibu la kuchagua. Lakini kwa kuwa kitabu kimefundishwa kwa miezi mingi, mtahiniwa anaweza kuandika sifa alizozikariri katika mwongozo bila kuyatazama maneno yaliyo mbele yake. Nimesahihisha madaftari ya wanafunzi wangu ambamo mhusika ni "mwenye busara" katika dondoo ambalo anafanya jambo la kipumbavu kabisa. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli kwenye sura nyingine, si pale.

Jaribio la wazi zaidi la kuibana njia pamoja na jibu lilikuja Machi 2016, mtihani wa SAT wa Marekani ulipobadilishwa. Uliletwa mtindo wa maswali pacha. La kwanza liliuliza, kwa mfano, kwa nini mhusika anasita. La pili liliuliza ni mistari ipi kati ya minne inayolithibitisha vizuri zaidi jibu la swali lililotangulia. Richards na Kelly wakakaa meza moja: usahihishaji ni wa mashine, lakini msomaji analazimika kuonyesha mstari.

Tulitazame pacha hilo likifanya kazi. Kifungu hiki nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi, na sentensi nimezipa namba.

(1) Mzee Faki alizihesabu zile noti mara mbili, kisha akazirudisha zote katika bahasha. (2) "Mpelekee mwenyewe," alimwambia mjukuu wake, "na umwambie mashua haiuzwi." (3) Kijana alilitazama paa la makuti lililotoboka, akaitazama na sufuria iliyofunikwa juu ya mafiga yasiyo na moto. (4) "Babu, hizi zingetuvusha hadi kusi iishe." (5) Mzee hakujibu. (6) Alishika njia ya pwani, akaketi kivulini mwa mashua, akaupitisha mkono juu ya jina lililochongwa ubavuni, jina la mwanawe ambaye bahari haikumrudisha. (7) "Watu wa mjini," alisema hatimaye, "hununua mbao tu."

Swali: kwa nini Mzee Faki anakataa kuiuza mashua? A, bei ni ndogo. B, mashua inabeba kumbukumbu ya mwanawe. C, anawachukia watu wa mjini. D, anataka mjukuu wake aurithi uvuvi. Kisha pacha lake: ni sentensi ipi inayothibitisha vizuri zaidi: 1, 4, 6 au 7?

Wengi wataona B haraka. Faida iko katika kueleza kwa nini A, C na D zinavutia. A inaegemea sentensi ya 1: anayehesabu fedha mara mbili huenda hajaridhika nazo. Lakini sentensi ya 4 inasema zingetosha kwa msimu mzima, na mzee hatoi bei nyingine. Anayeona bei ni ndogo hutaja kubwa zaidi. C ni "Franklin" ya Thorndike. Maneno "watu wa mjini" yamo katika kifungu na yamo katika jibu, basi yanapiga kelele. D ni jibu la akiba la Richards: babu, mjukuu, chombo, basi lazima pawepo urithi wa kazi. Hakuna sentensi hata moja inayolisema hilo.

Mabishano ya kweli huzuka kwenye pacha la pili, kati ya 6 na 7. Niliwahi kumpa kijana mmoja zoezi la namna hii, naye akashikilia 7, akidai kwamba maneno ya mhusika mwenyewe ndiyo ushahidi wa nia yake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Nilimwomba aifunike sentensi ya 6 kwa kidole na kuisoma ya 7 peke yake. Ikawa kauli ya mtu anayewadharau wageni, na C ikasimama imara kama B. Kisha akaifunika ya 7 na kuiacha ya 6: B ilibaki, C ikaanguka. Mstari unaothibitisha vizuri zaidi ni ule unaolibeba jibu letu na wakati huo huo kuliangusha jibu la jirani. Sentensi ya 7 ni nzuri zaidi kisanaa, lakini neno "tu" lililo mwishoni mwake halina maana mpaka tujue, kutoka sentensi ya 6, ni kitu gani kilichomo kwenye mashua zaidi ya mbao.

Swali la dhamira huenda kwa mwendo tofauti. Ukiniuliza dhamira ya kifungu, ukanipa "umaskini" kama chaguo, sentensi ya 3 itaonekana kuniunga mkono kikamilifu: paa bovu, mafiga yaliyopoa. Lakini umaskini hapa ni mizani. Ndiyo unaotuambia kukataa kule kunamgharimu mzee kiasi gani. Dhamira, ambayo ningeiita thamani isiyopimika kwa fedha, haithibitishwi na mstari mmoja. Inahitaji sentensi ya 3 na ya 6 zisimame zikitazamana. Nia ya mhusika aghalabu hukaa mahali pamoja. Dhamira hukaa katika mvutano wa mahali pawili, na ndiyo maana mtahini anayeomba mstari mmoja tu kwa swali la dhamira hujitia taabuni.

Pacha la mwaka 2016 lilikuwa na kasoro yake. Aliyekosea la kwanza kwa kawaida alikosea na la pili, akaadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Wengine walianza na la pili, wakaitumia mistari minne kubahatisha jibu la kwanza. Mtihani ulipohamia kwenye kompyuta, nje ya Marekani mwaka 2023 na ndani yake mwaka 2024, mapacha yaliondolewa. Sasa kifungu kina maneno kati ya 25 na 150, na kila kifungu kina swali moja tu. Ushahidi bado unaulizwa, ila ndani ya swali hilo hilo.

Ufupi huo nao una hatari yake. Kikate kifungu cha Mzee Faki baada ya sentensi ya 5. Hakuna jina ubavuni, hakuna mwana, hakuna mbao. Anayebaki ni mzee aliyehesabu fedha mara mbili akazirudisha, na mtahini asiyeangalia anaweza kuweka A kuwa jibu sahihi, akaonyesha na mstari.