Siku ya Kwanza ni Ipi?

Mtumishi wa serikali anapohamishwa Kamina, hufanyika remizi-reprizi: anayeondoka na anayeingia hukaa mezani, vitu vikaorodheshwa, wote wawili wakatia saini. Pikipiki ina mstari wake, mhuri una wake. Faili la Eksel linalotoa ripoti ya kila wiki nalo hupata mstari, na chini yake maelezo mafupi ya aina hii: “Kila siku ya kwanza, aktualiza fishie.” Maneno sita tu, na mawili kati yake yanatosha kumpoteza mrithi.

Tuseme ni ripoti ya magonjwa ya mlipuko. Haut-Lomami ina zoni za afya 16, na kila zoni hutuma hesabu zake za wiki: kipindupindu, surua, kupooza kwa ghafla na mengineyo. Mchambuzi huziweka katika folda moja, Eksel inazisoma, jedwali la muhtasari linazijumlisha.

“Kuaktualiza” hapo ni kazi mbili zinazovaa jina moja. Ya kwanza ningeiita kuvuta: Eksel inakwenda kwenye folda na kuleta mistari mipya. Ya pili ni kujumlisha upya: jedwali la muhtasari linasoma mistari iliyokwisha kuletwa. Kitufe `Actualiser tout` huamuru zote mbili, lakini kama uvutaji umeruhusiwa kufanyika chinichini, jedwali la muhtasari halingoji. Hujumlisha data ya zamani na kutulia. Utaitambua hali hiyo ukiona wiki mpya imo kwenye jedwali la data lakini haimo kwenye muhtasari. Ukibonyeza tena, inatokea. Mwenye kazi huzoea kubonyeza mara mbili bila kujua sababu, kisha mazoea hayo hayaandikwi popote, kwa kuwa mkono hauandiki barua. Dawa ni kuondoa alama kwenye `Activer l'actualisation en arrière-plan` katika sifa za uvutaji.

Kuvuta nako kuna maradhi yake. Njia ya folda mara nyingi huanza na `C:\Users\` ikifuatwa na jina la mwenye kompyuta. Akiondoka, njia inaondoka naye, na mrithi anakutana na `DataSource.Error` asubuhi yake ya kwanza. Barua ya makabidhiano inapaswa kutaja mahali pa kubadilisha njia hiyo. Hilo lina faida zaidi kuliko kurasa tatu za kueleza rangi za grafu.

Lakini neno linalonivutia zaidi ni “siku ya kwanza”. Kwa Waswahili wa Kongo, siku ya kwanza ni Jumatatu. Kwa watu wa pwani, Jumatatu ni siku ya tatu, kwa hesabu inayoanzia Jumamosi. Eksel nayo ina hesabu yake: `NO.SEMAINE`, usipoiambia vingine, huanza wiki Jumapili, na kila Januari 1 huihesabu kuwa ndani ya wiki ya kwanza. Wiki ya ISO huanza Jumatatu, sawasawa na Kiswahili cha Kamina, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari.

Chukua mgonjwa wa kipindupindu kutoka Kinkondja, kwenye maziwa ya Upemba, aliyeandikwa Jumatatu tarehe 30 Desemba 2024. `NO.SEMAINE` itampa wiki ya 53. `NO.SEMAINE.ISO` itampa wiki ya 1, na hiyo ndiyo sahihi. Ila mchambuzi akichukua mwaka kwa `ANNEE` peke yake, anapata 2024, na mgonjwa anarudishwa nyuma karibu miezi kumi na miwili, hadi wiki ya 1 ya 2024. Hakuna ujumbe wa kosa. Jumla ya wagonjwa wote inabaki sahihi, kwa hiyo hata anayekagua jumla haoni kitu. Kinachomfichua ni wiki ya zamani, iliyokwisha kufungwa, kuongezeka ghafla.

Mwaka wa wiki si mwaka wa kalenda. Ni mambo mawili, na ningetaka kila moja liwe na safu yake katika faili, yenye jina lake. Safu ya mwaka wa wiki huuliza Alhamisi ya wiki hiyo imeangukia mwaka gani:

```
=ANNEE(A2-JOURSEM(A2;2)+4)
```

Kwa mgonjwa wetu, Alhamisi ni tarehe 2 Januari 2025, basi jibu ni 2025. Nukta-mkato iliyo ndani ya fomula ni desturi ya Eksel ya Kifaransa. Kwenye kompyuta iliyopangwa Kiingereza, majina na alama hubadilika faili likifunguliwa, lakini fomula iliyonakiliwa kutoka kwenye barua ikabandikwa itakataa.

Anayepokea faili hili leo aangalie pia upana wa grafu. Jumatatu ya tarehe 28 Desemba 2026 inaanza wiki ya 53, nayo inaisha tarehe 3 Januari 2027. Grafu iliyochorwa kwa wiki 52 haitakuwa na mahali pa kuiweka.