Kitenzi kilichokataa kufa: safari ya umbo tupu katika Kiingereza

Mwaka 1926 H. W. Fowler, Mwingereza aliyesikilizwa kama hakimu wa lugha, alichapisha kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza. Alipofika kwenye hali tegemezi ya kitenzi, aliieleza kama kitu kilichokuwa mahututi, kilichobaki kupumua katika matumizi machache tu. Kwa Uingereza ya siku zake alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini ng'ambo ya Atlantiki, katika miaka hiyohiyo, umbo hilo lilikuwa linapata nguvu upya.

Umbo lenyewe ni hili. Kiingereza cha kawaida hutaka kitenzi cha nafsi ya tatu umoja kimalizikie kwa "s": "he pays", yaani analipa. Lakini baada ya vitenzi vya kupendekeza, kushauri na kushikilia, yaani "suggest", "recommend" na "insist", herufi hiyo huondoka: "I suggest that he pay". Kitenzi "is" nacho hugeuka "be". Hata pendekezo likiwa la jana, kitenzi hakibadiliki: "I suggested that he pay". Hakionyeshi wakati wala nafsi. Limebaki shina peke yake. Msomaji wa Kiswahili ana njia rahisi ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa naye hasemi "napendekeza analipa". Husema "napendekeza alipe", na "nilipendekeza alipe", bila kujali pendekezo lilitolewa lini.

Ufanano huo hapo kale ulikuwa mkubwa zaidi. Katika Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita, hali tegemezi haikuwa shina tupu. Ilikuwa na kiishio chake, na katika umoja kiishio hicho kilikuwa "-e", kama chetu, ingawa lugha hizi mbili hazina undugu. "He singeþ" ilikuwa anaimba, ile herufi ya mwisho ikisomwa kama "th" ya thelathini. "He singe" ilikuwa aimbe. Wingi nao ulikuwa na tofauti yake: "singaþ" kwa wanaimba, "singen" kwa waimbe. Mtu akisikia amri au ombi, sikio lake lilijua kwa kiishio peke yake kwamba tendo linatakiwa na bado halijatendeka.

Kilichobomoa mfumo huo ni matamshi. Mkazo wa Kiingereza ulikaa mwanzoni mwa neno, na irabu za mwisho zikadhoofika karne baada ya karne. Kufikia mwaka 1400 hivi, ile "-e" ya mwisho ilikuwa imeacha kutamkwa kwa sehemu kubwa, na baadaye "n" ya wingi ikaenda zake pia. Hakuna aliyekaa akaamua kuifuta hali tegemezi. Alama zake ziliyeyuka mdomoni, likabaki shina. Tangu hapo, tofauti huonekana mahali pachache tu: kwenye nafsi ya tatu umoja, kwenye "be", na kwenye ukanushi. Ukiandika "I suggest that they pay", hakuna awezaye kukuambia kama kitenzi hicho ni cha hali tegemezi au cha kawaida.

Pengo hilo lilizibwa na vitenzi visaidizi, hasa "should": "I suggest that he should pay". Msaidizi huyu alionekana wazi kwa kila nafsi, na Waingereza wakamzoea. Vitenzi vyenyewe viwili, "suggest" na "insist", viliingia katika lugha katika karne ya 16, vikitoka katika Kilatini, wakati viishio vya kale vilikuwa vimekwisha kupotea. Kwa hiyo vilikuta njia mbili za kufuatwa, shina tupu na "should". Kufikia siku za Fowler, nyumbani Uingereza njia ya pili ndiyo iliyokuwa barabara kuu.

Ushahidi wa kilichotokea Marekani ulipatikana kwa kuhesabu. Chuo Kikuu cha Brown kilikusanya maneno milioni moja ya maandishi ya Kimarekani yaliyochapishwa mwaka 1961: magazeti, riwaya, ripoti za serikali, vitabu vya sayansi. Watafiti wa Lancaster, Oslo na Bergen wakatengeneza mkusanyiko pacha wa Kiingereza cha Uingereza, wa mwaka huohuo na wa ukubwa huohuo. Mwaka 1988 Stig Johansson na Else Helene Norheim walichapisha hesabu yao ya sentensi za aina hii katika mikusanyiko yote miwili. Upande wa Uingereza walikuta "should" mara 97 na shina tupu mara 14. Upande wa Marekani, shina tupu lilitokea mara 116, na "should" mara 19 tu.

Idadi hizo ni ndogo kwa maneno milioni moja, na sababu tumekwisha kuiona: sentensi nyingi za namna hii hazionyeshi tofauti yoyote. Hata hivyo, pengo ni kubwa mno kuitwa bahati. Gerd Övergaard, aliyefuatilia karne ya 20 nzima katika kitabu chake cha mwaka 1995, alionyesha kwamba mwanzoni mwa karne hiyo hata Wamarekani walitumia "should" kwa wingi, na kwamba mageuzi yao yalitokea katika miongo iliyofuata. Miongoni mwa sababu zilizopendekezwa ni wahamiaji wa majimbo ya kati, ambao wengi wao walitoka katika lugha zenye hali tegemezi iliyo hai, kama Kijerumani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza nayo ilianza kugeuka. Watafiti wa Freiburg walipotengeneza mkusanyiko mpya wa maandishi ya Uingereza ya mwaka 1991, shina tupu lilikuwa limepanda kutoka sehemu moja katika nane hadi zaidi ya theluthi.

Ukanushi wake ndio unaoonyesha kwamba umbo lililorudi si lile la kale lililofufuliwa kama lilivyokuwa. Zamani "not" ilifuata kitenzi: "that he go not". Mmarekani wa leo huitanguliza: "that he not go". Na haombi msaada wa "do", ambao sentensi ya kawaida, "he does not go", haiwezi kuukwepa.

Waingereza wana njia ya tatu, ambayo Wamarekani karibu hawaigusi: kutumia kitenzi cha kawaida, "they insisted that he paid". Hapo ndipo hasara inapojitokeza. Chukua kumbukumbu za kikao zilizoandikwa hivyo. "Insist" ina maana mbili, kushikilia kwamba jambo ni kweli na kushikilia kwamba jambo litendeke. Je, wajumbe walishikilia kwamba mtu huyo amekwisha kulipa, au walimtaka alipe? Msomaji wa Marekani ataona maana ya kwanza tu. Msomaji wa Uingereza anaweza kuziona zote mbili, na itambidi atafute jibu katika aya nyingine. Ukiandika "that he pay", au "that he should pay" kama shule zetu zilizorithi Kiingereza cha Uingereza zinavyozoea, deni linajulikana bado lipo.

Kwa hiyo mwandishi wa Nairobi au Dodoma anayeandaa kumbukumbu au mkataba kwa Kiingereza hana haja ya kuchagua kati ya London na Washington. Shina tupu na "should" vyote ni sahihi, na vyote vinasema wazi kwamba tendo linatakiwa. Cha kukagua, kila "insist" na "suggest" inapotokea, ni kitenzi kinachofuata: kikiwa na "s" au kikiwa cha wakati uliopita, sentensi inatoa habari, na huenda mwandishi alikusudia kutoa agizo.