Zumu ya simu: kwa nini picha hufifia, na jinsi ya kuiokoa



Mwaka 2005 dada yangu alihitimu. Mimi niliketi nyuma kabisa, mkononi nina simu ya kuazima yenye kamera ya pikseli 640 kwa 480. Jina lake liliposomwa nikavuta zumu hadi mara 4, nikapiga. Kwenye kioo kidogo cha simu picha ilipendeza. Mama alipotaka kuitundika ukutani, fundi wa studio aliifungua kwenye tarakilishi, akatikisa kichwa. Uso wa dada ulikuwa miraba michache ya kahawia.

Lenzi haikuwa imesogea hata kidogo. Simu ilikata kipande cha katikati, pikseli 160 kwa 120, kisha ikakinyoosha kirudie ukubwa wa awali. Zumu ya mara 4 hubakisha sehemu 1 kati ya 16 ya picha. Hizo 15 nyingine programu inazikisia kwa kutazama majirani, na wastani wa majirani hauna ncha kali. Ndiyo maana picha hulainika.

Ukitaka kujionea, chukua picha yoyote kali uipitishe kwenye ImageMagick:

```
magick picha.jpg -gravity center -crop 25%x25%+0+0 +repage -resize 400% zumu.jpg
```

Kuna ukisiaji mwingine unaotangulia huo. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza ya kichujio cha rangi ambacho hadi leo ndio msingi wa kamera nyingi za simu. Kila pikseli hupima rangi moja tu: nusu ni kijani, robo nyekundu, robo bluu. Rangi mbili zinazokosekana hukisiwa kutoka kwa jirani. Kwa hiyo ukikata kipande kisha ukakinyoosha, unakisia juu ya makisio.

Mwaka 2012 Nokia walitoa simu ya 808 PureView, yenye sensa ya megapikseli 41. Watu wengi walidhani ni majigambo ya namba tu. Kumbe picha ya kawaida ilitoka na megapikseli 5, pikseli takriban 7 zikiunganishwa kuwa moja. Ulipovuta zumu, simu iliacha kuunganisha hatua kwa hatua, ikakata kipande kidogo zaidi. Ilipofika karibu mara 3, kila pikseli ya picha ilitoka kwenye pikseli moja ya sensa, na zumu ikasimama hapo. Hakukuwa na kunyoosha. Ulichopoteza ni ule usafi wa kuunganisha, hivyo gizani chengachenga zilionekana zaidi.

Mwaka 2018 Google walikuja na njia nyingine kwenye Pixel 3. Mkono wa binadamu hautulii kamwe, hivyo picha kadhaa za mfululizo huwa zimehama kidogo. Pale ambapo picha ya kwanza ilipima nyekundu, ya pili huenda ikapima kijani. Zikipangwa pamoja, sehemu ya makisio hugeuka kuwa vipimo halisi. Kikomo chake ni kitu kinachokimbia: hicho hakipangiki vizuri. Na mara 8 bado ni mara 8, lenzi ndogo haiwezi kuona isichokiona.

Sasa, ufanyeje na simu yako?

Kwanza, jua lenzi zako. Kama simu ina lenzi ya mara 3, basi mara 2.9 huwa ni kipande kilichokatwa kwenye kamera kuu, na mara 3 kamili inaweza kuwa kali zaidi. Lakini mwanga ukiwa hafifu, simu nyingi hurudi kwenye kamera kuu kimyakimya bila kukuambia. Jaribu hivi: weka zumu ya mara 3, kisha ziba lenzi hiyo kwa kidole. Picha ikibaki kiooni, umedanganywa. Tafuta mwanga zaidi, au sogea.

Pili, tuliza mikono. Kwa zumu ya mara 4 mtikisiko nao hukuzwa mara 4. Bana viwiko mbavuni au egemea ukuta, na usishushe simu mara tu unapobonyeza, kwani huenda bado inakusanya picha za mfululizo.

Tatu, futa lenzi. Mafuta ya kidole huleta ukungu ambao hakuna programu inayouondoa vizuri.

Na ukiwa na nafasi, tembea. Ukipunguza umbali kwa nusu, umepata zumu ya mara 2 bila kupoteza pikseli hata moja.

Picha iliyo ukutani kwa mama ni nyingine kabisa. Niliipiga nje ya ukumbi siku ileile, kwa simu ileile, nikiwa hatua mbili kutoka kwa dada. Si kali sana, lakini anajulikana ni yeye.