Kwa nini mkeka wa mechi moja hulipa kidogo kuliko mikeka mingine

WAPENZI wa kamari ya soka hushangaa wanapounganisha matokeo mawili ya mechi moja na kupata odi ndogo kuliko zile wangepata kwa kuzidisha wenyewe. Wengi hudhani ni wizi. Ukweli ni kwamba kuzidisha hufaa tu pale ambapo tukio moja haliathiri jingine, kwa mfano mechi mbili zinazochezwa katika miji tofauti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Arsenal wako nyumbani, na katika kila mechi 100 za aina hiyo wao hushinda 50. Aidha, mechi 50 kati ya hizo 100 huzalisha mabao matatu au zaidi. Kila tukio, kabla ya faida ya kampuni, lina odi ya 2.00. Ukizidisha unapata 4.00, yaani mechi 25 kati ya 100.

Hata hivyo, anayeshinda sharti afunge, na kwa hivyo ushindi na mabao mengi huandamana. Tuseme kati ya ushindi ule 50, mechi 30 zina mabao matatu au zaidi. Odi ya haki basi ni 100 kwa 30, yaani 3.33. Kampuni ikilipa 4.00 kwa madau 100 ya Sh100, itapokea Sh10,000 na kulipa Sh12,000. Ndiyo maana kwa miaka mingi kampuni zilikataa kabisa mikeka ya namna hii, hadi zilipopata mitambo ya kukadiria uwezekano wa kila matokeo, kutoka 0-0 hadi 5-4, na kujumlisha yale yanayotimiza mkeka.

Uhusiano huo pia huweza kuongeza odi. Ushindi wa Arsenal wenye mabao yasiyozidi mawili hutokea mara 20 tu, na odi yake ya haki ni 5.00. Anayelipwa 4.00 hapo amepunjwa, ingawa hesabu ya kuzidisha inaonekana sawa.

Basi msomaji atajuaje kampuni imejikatia kiasi gani? Mikeka hiyo miwili kwa pamoja ni sawa na ushindi wa Arsenal. Tuseme ushindi pekee unalipa 1.90, mkeka wa mabao mengi 2.90 na wa mabao machache 4.20. Ili kupata Sh1,000 Arsenal wakishinda, dau la kawaida ni Sh526. Kupitia mikeka miwili utahitaji Sh345 na Sh238, jumla Sh583. Tofauti hiyo ya Sh57 haitokani na uhusiano wa matukio. Ni faida ya ziada ya kampuni, ambayo huwa vigumu kuitambua kwa kutazama mkeka mmoja pekee.